Tawi limeingia juu ya picha, ukilitoa mbingu inabaki na madoa: chanzo ni nini na unarekebishaje

Picha ninayoifanyia kazi hapa niliipiga Irente, Lushoto, asubuhi kama saa mbili hivi. Chini bonde linaenda mpaka linapotelea kwenye ukungu, kulia kuna ukingo wa milima ya Usambara na mkaratusi mmoja mrefu umesimama, huo nautaka ubaki. Shida ni tawi la mti mwingine, ule niliosimama chini yake, limening'inia kutoka kona ya juu kulia likaja mpaka karibu na katikati, limekata mbingu halafu limepita mbele ya kilele cha ule mkaratusi. Picha ina pikseli 6000 kwa 4000 na tawi linashuka kama 1300 kutoka juu, manake ukisema ukate tu sehemu ya juu unapoteza theluthi ya picha na mkaratusi unabaki hauna kichwa. Tawi lingekuwa limeingia pikseli 200 tu ningekata na kazi ingeishia hapo, na wewe ukiwa na kitawi kidogo vile kata, usijitese.

Natumia GIMP 2.10. Ukiwa na Photoshop mambo ni yale yale, majina ya vifaa tu ndo yanatofautiana kidogo.

Kabla sijaingia kwenye dalili moja moja niseme kitu ambacho karibu matatizo yote ya hii kazi yanatoka hapo. Watu wanachukua Clone wanaanza kufuta tawi kuanzia ncha mpaka shina, wakikutana na mbingu wanapaka mbingu, wakikutana na majani wanapaka majani, vyote kwenye leya moja. Hapo umeshaharibu, kwa sababu mbingu na majani vinataka njia tofauti kabisa. Mbingu ni rangi inayobadilika taratibu sana, jicho linakamata hata kosa dogo. Majani yamevurugika yenyewe, jicho halioni rangi ikikosea kidogo ila linaona haraka sana kitu kilichojirudia. Kwa hiyo mbingu kwanza, yote, kwenye leya yake, kana kwamba hakuna mti wowote pale kulia, halafu majani yanarudishwa juu yake kwenye leya nyingine.

Dalili: mbingu ina madoa, umefuta tawi ila unaona kabisa lilipokuwa

Hii ndo inayoulizwa sana. Ukitazama karibu kila pikseli ni bluu nzuri, ukirudi nyuma unaona kivuli cha tawi kama moshi.

Chanzo ni kwamba mbingu haina bluu moja. Juu ni nzito, kadiri unavyoshuka kwenye upeo inakuwa nyeupe nyeupe kwa sababu ya vumbi na unyevu. Kwenye picha yangu Color Picker inanipa 74, 128, 188 juu kabisa na 176, 203, 222 karibu na ukungu wa bonde. Ukikloni kutoka pikseli 150 tu chini ya pale unapopaka, umeleta bluu iliyo nyepesi zaidi, na ukipaka mara ishirini kutoka sehemu ishirini tofauti umetengeneza madoa ishirini. Ukipima rangi weka tiki kwenye Sample average na radius kama 15, la sivyo unapima chenga ya pikseli moja na namba zitakuwa zinarukaruka hazikusaidii.

Njia ya haraka ni kuchukua chanzo pembeni kwa pembeni, yaani urefu ule ule kutoka juu ya picha, kamwe usichukue juu au chini. Kwa kitawi chembamba inatosha. Kwa tawi kubwa kama langu haitoshi, utapaka mpaka jioni na bado, kwa hiyo mimi huwa siikloni mbingu, naivuta.

Tafuta sehemu ambayo mbingu iko safi kuanzia juu ya picha mpaka kwenye upeo. Kwangu iko kushoto. Kwa Rectangle Select nikachagua ukanda mwembamba, upana pikseli 200, urefu 1900, nikakopi, nikapesti kama leya mpya, halafu Layer > Scale Layer, nikafungua ule mnyororo unaounganisha upana na urefu, upana nikauweka 3600 na urefu nikauacha ulivyo. Ukanda ukawa shuka pana, na kwa vile urefu haujaguswa, kila mstari wa bluu uko pale pale ulipokuwa, juu nzito chini nyepesi. Ukiusogeza kwenda kulia kufunika tawi usiupandishe wala usiushushe hata pikseli moja, tumia vishale vya kibodi badala ya mausi.

Utaona shuka lina michirizi ya kulala, ni chenga zilizovutwa mara 18 zikawa nyuzi. Usiogope, piga Gaussian Blur yenye 30 hivi, zinapotea zote. Mbingu itabaki laini kupita kiasi lakini hilo tunalirekebisha mwishoni.

Halafu kuna jambo watu hawalitegemei: mbingu inabadilika pia kutoka kushoto kwenda kulia. Lenzi nyingi zinatia giza kidogo kwenye pembe, na jua likiwa upande mmoja bluu inahama. Kwangu kwenye urefu wa pikseli 600 kushoto ilikuwa 118, 164, 208 na kulia kwenye kijisehemu cha wazi pembeni ya tawi ilikuwa 112, 158, 203. Tofauti ni pointi tano sita tu, lakini shuka likikutana na mbingu halisi hiyo tofauti inaonekana kama mstari. Nikaduplicate leya ya shuka, ile ya juu nikaitia giza kidogo kwa Curves mpaka namba zikalingana na za kulia, halafu nikaipa Layer Mask na kuvuta gradienti ya nyeusi kwenda nyeupe kutoka kushoto kwenda kulia. Sasa shuka linahama taratibu kama mbingu yenyewe. Zikishalingana nikaziunganisha kwa Merge Down ili mbingu yote iwe leya moja.

Kujua kama imekaa sawa usiamini jicho lako la kawaida. Fanya Layer > New from Visible, kwenye hiyo leya ya muda fungua Curves na ivute iwe mwinuko mkali sana kwenye eneo la bluu, picha itakuwa mbaya ya kutisha ila kila doa litajitokeza. Angalia, kumbuka lilipo, futa leya, rudi ukarekebishe. Mimi nafanya hivi mara tatu nne kwa kila picha.

Njia ya shuka ni ya mbingu isiyo na mawingu au yenye ukungu mwepesi tu. Kama tawi limepita mbele ya wingu itabidi ukloni, na hapo chukua kutoka kwenye wingu lingine lililo urefu ule ule na linalopata mwanga upande ule ule. Wingu lenye tumbo jeupe juu na kijivu chini halipinduliwi.

Dalili: mstari mweupe au zambarau unafuata umbo la tawi ambalo halipo tena

Hapa umekata karibu mno na tawi. Kamera inapokoleza picha inaweka mstari mwembamba mwangavu pembeni ya kila kitu cheusi kilichokaa mbele ya mbingu, na lenzi nyingine zinaongeza zambarau juu yake. Tawi limeondoka ila ule mstari ulikuwa nje ya eneo ulilochagua, umebaki.

Kwa tawi lililo mbali, Select > Grow ya pikseli 5 au 6 inatosha. Lakini tawi langu lilikuwa mita moja na nusu kutoka kwenye lenzi na fokasi ilikuwa kwenye bonde, kwa hiyo lenyewe limefifia, ukingo wake siyo mstari, ni utusitusi mpana kama pikseli 25 unaochanganya kijani na bluu. Hapo 6 haifanyi kitu. Nilienda 35 ndo pakawa safi, halafu Select > Feather ya 10. Ukitaka kujua utusitusi wako una upana gani zumu mpaka asilimia 400, tembeza Color Picker kutoka kwenye tawi kwenda mbinguni na uone ni wapi namba zinaacha kubadilika.

Na angalia kingo za picha. Tawi lilipoingilia kona ya juu mara nyingi unabaki ukingo wa kijani wenye pikseli mbili tatu umeganda kwenye fremu, kwenye simu hauonekani, ukichapisha unaonekana.

Dalili: Heal imeleta tope

Umepaka Heal karibu na majani na mbingu ikageuka rangi ya matope, kama mtu kafuta na kitambaa kichafu. Heal inachukua umbile kutoka kwenye chanzo lakini rangi na mwanga inavitafuta kwenye eneo unalopaka na pembeni yake. Brashi ikigusa jani hata kwa ukingo, lile giza la jani linavutwa kuja kwenye mbingu. Haijaharibika, ndivyo inavyofanya kazi.

Kwa hiyo Heal ni ya katikati ya mbingu tu, mbali na majani angalau upana mzima wa brashi. Karibu na majani tumia Clone, brashi yenye ukingo laini wa wastani. Ukifuata mbingu kwanza majani baadaye hili tatizo halikupati kabisa, kwa sababu wakati unafanya mbingu hakuna majani ya kuogopa.

Dalili: majani uliyoyarudisha yana ukingo wa bluu, au yanaonekana yamekatwa kwa mkasi

Sasa tumefika kwenye kilele cha mkaratusi. Shuka la mbingu limefunika kila kitu kulia, mti umepotea nusu. Kazi ni mbili: kurudisha majani halisi ambayo tawi halikuyafunika, na kutengeneza mapya pale tawi lilipokuwa.

Kurudisha yale halisi watu wanachukua kifutio wanafuta shuka kuzunguka kila jani. Siku mbili zinaisha na bado yanaonekana yamebandikwa. Mti halisi una matundu, mamia ya vijitundu vya mbingu katikati ya majani, na kila ukingo wa jani una pikseli moja mbili ambazo ni nusu jani nusu mbingu. Mkono hauwezi kufuata hayo. Chaneli ya bluu inaweza.

Zima kwanza jicho la leya ya mbingu ili picha ya asili ionekane, halafu nenda kwenye Channels, bofya kulia kwenye Blue, chagua Duplicate Channel. Kwenye hiyo nakala mbingu ni nyeupe na majani ni meusi, kwa sababu jani la kijani lina bluu kidogo sana. Ukiwa umeibofya nakala yenyewe fungua Levels, sogeza pembetatu nyeusi na nyeupe ziingie ndani mpaka mbingu iwe nyeupe na majani yawe meusi, lakini usizibane mpaka zikutane, acha kijivu kidogo kwenye kingo, hicho kijivu ndicho kinachobeba zile pikseli za nusu kwa nusu. Halafu Channel to Selection, rudi kwenye Layers, washa tena jicho la leya ya mbingu, ibofye, Add Layer Mask, chagua Selection, kisha Select > None. Mbingu mpya inakaa pale tu penye mbingu, majani yanachungulia yenyewe na matundu yake yote.

Tawi nalo litachungulia, kwa sababu na lenyewe ni jeusi. Chukua brashi nyeupe upake kwenye maski palipo na tawi, na ule utusitusi wake, ndo linapotea. Vile vile milima ya mbali ina ubuluu wa ukungu, chaneli inaichanganya na mbingu, kwa hiyo kuanzia kwenye milima kushuka chini paka maski nyeusi kwa mkono.

Ukiona majani yana mzunguko wa bluu iliyokoza kuliko mbingu ya nyuma yake, ni kwamba mbingu ya zamani na mpya hazilingani. Usianze kuchezea majani, rudi kwenye shuka ukalipime tena.

Dalili: majani yanajirudia, au kuna kitu hakiko sawa ila huwezi kusema ni nini

Pengo langu kwenye kilele lilikuwa kama pikseli 500 kwa 350. Hapo majani hayapo kabisa, yalikuwa nyuma ya tawi. Ukichukua Clone na kukokota kutoka sehemu moja utapata kishada kile kile mara mbili, na jicho la mtu linakinasa ndani ya sekunde, hasa kishada chenye kijitawi kinachotokeza.

Ninachofanya nachagua kwa Free Select vipande vinne vitano vya ukubwa tofauti kutoka kingo za kilele cha mti ule ule, pamoja na mbingu iliyo nyuma yake, kila kimoja nakipesti kwenye leya yake na leya naiweka kwenye mode ya Darken only. Hapa ndo penye utamu: mode hiyo inabakiza kilicho cheusi zaidi kati ya juu na chini, majani ni meusi kuliko mbingu kwa hiyo yanabaki, na mbingu iliyokuja na kipande inapotea, hakuna cha kukata. Kama kipande kimetoka chini kidogo, mbingu yake ni nyepesi kuliko iliyopo, inapotea vizuri. Kikitoka juu mbingu yake ni nzito zaidi na itaacha kivuli cha mraba, kwa hiyo chukua vipande kutoka chini kuja juu, au urefu ule ule.

Mode hii inakwama kwa majani yaliyopigwa na jua mpaka yakawa manjano. Inalinganisha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na jani la manjano lina nyekundu nyingi kuliko mbingu, basi nyekundu inachukuliwa ya mbingu na jani linageuka kijani cha ajabu. Kwa vipande hivyo rudi kwenye mode ya kawaida utumie maski ya chaneli ya bluu kama mwanzo.

Sasa lile la kitu hakiko sawa ila hujui ni nini. Mpwa wangu alinitumia yake akasema, "Mjomba, nimehakikisha hakuna kilichojirudia, lakini mti unaonekana wa uongo." Nikauangalia, alikuwa amepindua vipande kwa Flip ili visifanane. Jua kwenye picha yake linatoka kushoto, kila kishada kina mwanga kushoto na kivuli kulia, vile alivyovipindua vikawa na mwanga kulia. Nikamwambia aviache bila kupindua, avizungushe tu kidogo. Na kuzungusha nako kuna mpaka wake: majani ya mkaratusi mkubwa yananing'inia kuelekea chini, ukizungusha nyuzi 15 hakuna anayejua, ukizungusha 90 majani yanalala yamenyooka kama yanapigwa na kimbunga wakati mti mzima umetulia. Kwa mwembe au mti wowote ambao majani yake yanaelekea kila upande unaweza kuzungusha zaidi.

Usichukue majani kutoka mti wa karibu zaidi au wa mbali zaidi, ukubwa wa jani na ukali wake vitakataa, na usivute kipande kikawa kikubwa, kinafifia. Kukipunguza asilimia 10 sawa.

Jambo la mwisho kwenye majani ni vijitawi. Kila kishada kinashikiliwa na kitu. Mara nyingi ukimaliza utaona kishada kinaelea hewani hakijaungana na mti, kwa sababu kijitawi chake kilikuwa nyuma ya tawi ulilofuta. Fungua leya mpya, chukua rangi ya kijitawi cha jirani, brashi ya pikseli 4 au 5, chora kimoja chenye kupinda kidogo kutoka kwenye mti mpaka kwenye kishada. Au ondoa kishada, mara nyingi ndo jibu rahisi.

Dalili: kwenye skrini safi, ukichapisha mbingu ina ngazi au inaonekana ya plastiki

Ile Gaussian Blur iliua chenga. Mbingu halisi kushoto ina chenga ndogo, mbingu yako kulia haina, na kwenye karatasi kubwa mpaka kati yao unaonekana. Tena rangi laini inayobadilika polepole kwenye faili la biti 8 haina namba za kutosha, inajigawa kuwa mistari kama ngazi.

Kabla hujaanza kazi yote badilisha Image > Precision kwenda 16 bit integer, ili blur na Curves zisizalishe ngazi. Halafu kwenye leya ya mbingu peke yake piga Filters > Noise > RGB Noise, anza na kiasi kidogo sana, 0.02 hivi, zumu asilimia 100, linganisha na kushoto, ongeza au punguza mpaka usione tofauti. JPEG unayotoa mwishoni itarudi biti 8, lakini zile chenga zinavunja ngazi zisionekane. Chenga halisi za kamera zimeungana kidogo kama mchanga ulioloa, za kompyuta ni kali kama chumvi, kwa hiyo baada ya Noise mimi naongeza Gaussian Blur ya 0.6 tu.

Kabla ya kutoa faili nenda View > Flip & Rotate > Rotate 180°, picha inageuka kichwa chini bila kuguswa. Ikiwa imegeuka hivyo huoni tena mlima wala mti, unaona maumbo tu. Mimi hapo ndo nilipoona vishada viwili pacha kulia ambavyo nilikuwa nimevitazama saa nzima bila kuviona, nikafuta kimoja, nikaweka kijitawi, nikatoa JPEG ya quality 95, ile XCF yenye leya zote nikaiacha pembeni, manake mwenye nyumba ya wageni aliyeniagiza hii picha anataka bango la mita mbili na lazima atarudi na neno.